Uzi: Sentensi ya Kiingereza ni ya kirafiki, mgeni Mkorea humjui. Tafsiri iwe ya heshima ya kiasi gani?

#1 KejaKilimani
Habari wadau. Nasimamia nyumba mbili za shangazi hapa Kilimani, zile za wageni wa siku mbili tatu. Kuna watu wa utalii wameanza kutuletea Wakorea, na wanataka mgeni akishafika apate ujumbe wa kwanza kwa Kikorea. Wageni wengine wote huwa nawatumia huu:

Hey, did you get in okay? Let me know if you need anything.

Binamu yangu anayejifunza Kikorea kwa tamthilia ameniandikia hivi kwa herufi zetu: *Ya, jal dochakhaesseo? Pilyohan geo isseumyeon malhae.* Nikamwonyesha jirani aliyewahi kufanya kazi na Wakorea, akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia nisithubutu kutuma. Kueleza ni kwa nini, hakueleza. Mimi naona Kiingereza chenyewe ni cha kirafiki, sasa tafsiri ikiwa ya kirafiki kosa liko wapi? Mgeni mwenyewe simjui umri wala cheo. Mara nyingine najua jina la ukoo tu.

#2 Mzee_wa_Rongai
Jirani alicheka bure bila kulipisha ushauri? Huyo si wa Kilimani.

#3 MwalimuFasihi
Hili ni swali la isimujamii, tunalifundisha kila mwaka. Inaitwa sajili. Kuna sajili ya hotelini, ya hospitalini, ya mahakamani, ya mtaani. Wewe uko kwenye sajili ya hotelini, kwa hivyo tumia msamiati wa hotelini: karibu, huduma, mteja. Binamu yako ametumia sajili ya mtaani. Swali limeisha.

#4 daejeon_hadi_donholm
Mwalimu, kwa heshima, hapo sikubali. Sajili unaweza kuikwepa. Nikikuuliza "umefika?", hicho kitenzi namwambia chifu, mtoto wa jirani, mteja na mke wangu, na hakibadiliki. Heshima naiongeza pembeni nikitaka: mzee, mama, tafadhali. Nikisahau kuiongeza, sentensi bado imekamilika.

Kikorea hakikupi nafasi ya kusahau. Kitenzi kiko mwishoni mwa sentensi, na mwisho wa kitenzi ndipo unaposema mnahusiana vipi wewe na unayezungumza naye. Huwezi kuuliza "umefika" bila kuchagua. Hata usipochagua umechagua, kwa sababu kitenzi kifupi kabisa, kisichoongezwa kitu, ndicho cha marafiki wa rika moja na watoto. Hicho ndicho alichotumia binamu.

Nilisoma kule, na sasa natafsiria watu wa mitambo hapa mjini. Nitarudi jioni na sentensi yenyewe, saa hii niko kazini.

#5 MalkiaWaTamthilia
Binamu hajakosea sana jamani. Hiyo inaitwa *banmal* na Wakorea wanaongea hivyo kutwa nzima. Ile ya heshima ni *jondaenmal*. Ngazi ziko saba, nimezisoma, kwa hivyo achague ya katikati, ya nne, mambo yaishe.

#6 KamusiHai
Na asisahau neno la "wewe". La kirafiki ni *neo*, la heshima ni *dangsin*. Kamusi yangu imeandika wazi kwamba *dangsin* ni "wewe" ya adabu. Aanze na *dangsin*, mgeni atafurahi.

#7 BintiTanga_SouthB
Mimi ni mgeni Nairobi, lakini nicheke kidogo. Mwataka kujua heshima ya Wakorea na hapa mtu anaingia ofisini anamwambia mama wa miaka sitini "sasa". Kwetu Tanga bila shikamoo hujaanza kusema.

#8 Mzee_wa_Rongai
@BintiTanga_SouthB huyo mama naye alijibu "poa", usimfiche.

#9 Mtaa_wa_Saba
Niongezee kisa cha Eastleigh. Nina duka la nguo na wateja wengi ni Waethiopia. Kwa Kiamhari "wewe" ya kawaida inataka kujua kama ni mwanamume au mwanamke: *ante* ni mwanamume, *anchi* ni mwanamke. Mtu mkubwa au usiyemjua ni *ersiwo*, na hiyo haiulizi jinsia, halafu kitenzi chake kinakuwa kama cha watu wengi. Mteja akinitumia ujumbe na jina silielewi ni la nani, naenda na *ersiwo* tu. Inaniokoa mara mbili, kwenye heshima na kwenye kubahatisha jinsia. Sijui Kikorea kama kina mambo hayo.

#10 daejeon_hadi_donholm
Nimerudi. Nianze na @KamusiHai kabla mtu hajaumia. *Dangsin* usiitume. Kamusi haidanganyi, ila haijakwambia neno linaishi wapi. Utalikuta kwenye matangazo ya biashara, kwenye mashairi, kwa mume na mke waliozeeka pamoja. Mahali pengine utakapolisikia ni barabarani magari yamegongana na madereva wameshuka: "*dangsin* umefanya nini?" Mtu usiyemjua ukimwita *dangsin* uso kwa uso, anasikia unatafuta ugomvi. Kwa mgeni, Kikorea huwa kinaacha "wewe" kabisa. Kikilazimika kumtaja, kinamtaja kwa nafasi yake: *sonnim* ni mgeni, *gogaengnim* ni mteja. Ile *-nim* ya mwisho ndiyo heshima.

@Mtaa_wa_Saba, jinsia haiulizwi. Kinachoulizwa ni umri na ukaribu, ndiyo maana wakikutana mara ya kwanza swali la umri linakuja mapema hata kabla ya chai kupoa.

Sasa sentensi. Kuna kitu wengi wanaoanza hawakioni: Kikorea kina sehemu mbili za kuweka heshima, si moja. Ya kwanza ni mwisho wa kitenzi, na hiyo inamwelekea anayesikia. Ya pili ni silabi ndogo *-si-* inayoingia katikati ya kitenzi, na hiyo inamwelekea anayetenda, awe yupo au hayupo. Tazameni "kufika" ikitembea:

*Dochakhaesseo?* Hakuna chochote. Rafiki wa rika, mdogo wako.
*Dochakhaesseoyo?* Imeongezwa *-yo* mwishoni. Namheshimu anayesikia, lakini tendo lake sijalipandisha. Mfanyakazi mwenzako wa umri wako ambaye hamjazoeana.
*Dochakhasyeosseo?* Hakuna *-yo*, ila *-si-* imo, imejificha kwenye ile *sye*. Mjukuu anamuuliza bibi yake hivi. Ukaribu upo na heshima ipo, zote kwa pamoja.
*Dochakhasyeosseoyo?* Zote mbili. Mgeni, mteja, mzazi wa rafiki.
*Dochakhasyeotseumnikka?* Zote mbili, na mwisho umefungwa kirasmi. Mtangazaji, mhudumu wa ndege, jeshini.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoonyesha kwamba si ngazi moja unayopanda hatua kwa hatua. Bibi anaheshimiwa na bado ni wa nyumbani. Ukishaliona hilo, swali la @KejaKilimani linabadilika. Haulizi tena "kirafiki au kiheshima". Anauliza aweke nini mwishoni na aweke nini katikati.

Na @MalkiaWaTamthilia, ni kweli vitabu vinahesabu sita au saba kutegemea nani anahesabu. Lakini mbili kati ya hizo, *hao* na *hage*, leo utazisikia zaidi kwa wafalme wa tamthilia na wazee wachache. Nyingine ni ya magazeti na vitabu, inaandikwa kana kwamba hakuna anayesikiliza. Ukichukua "ya katikati" utamwandikia mgeni kama mfalme anayemwita waziri.

#11 MalkiaWaTamthilia
Haya, nimenyamaza. Kwa dakika tano.

#12 KamusiHai
Lakini mimi nimesoma pia kwamba *dangsin* hutumika kumtaja mzee kwa heshima, mfano "bibi alikipenda *dangsin* mwenyewe". Kwa hivyo kamusi haikutoa hewani.

#13 daejeon_hadi_donholm
@KamusiHai ndiyo, hiyo ipo na ni ya heshima kweli. Lakini hapo unamtaja mtu wa tatu, huzungumzi naye. Umbo moja, kazi mbili. Ndipo kamusi inapowaponza watu.

#14 KejaKilimani
Nashukuru sana @daejeon_hadi_donholm. Basi kwangu ni hiyo ya nne? Nikiitazama lakini nahisi inakuwa ya benki. Ujumbe wangu wa Kiingereza una "Hey". Nataka mgeni ahisi kuna mtu hapa, si mashine ya foleni. Na hiyo nusu ya pili, ya "nijulishe", inaendaje?

#15 Tsukuba_Kasarani
Nakuja upande wa Kijapani, natafsiria wahandisi. Kwetu ni hivyohivyo tu na Kikorea: kirafiki, *desu* na *masu*, halafu *keigo* kwa wateja. Ila angalieni mtego mmoja mtamu. "Umefika salama?" kwa heshima nyepesi ni *Buji ni tsukaremashita ka?* Soma tena hiyo *tsukaremashita*. Kwa sauti ni sawasawa na "umechoka". Mgeni ametoka kwenye ndege ya usiku kucha, unamwuliza kwa sauti kama amefika, anasikia kama amechoka. Kwa maandishi ya kanji inaonekana tofauti, kwa simu haionekani. Ndiyo maana wahudumu wanapenda *Otsuki ni narimashita ka?*, ndefu kidogo lakini haina utata. Kwa hiyo wakati mwingine mtu anapanda ngazi kwa sababu ile ya chini inagongana na neno lingine, si kwa adabu zaidi.

#16 daejeon_hadi_donholm
@Tsukuba_Kasarani hiyo ya kuchoka nimeipenda. Lakini "hivyohivyo tu" hapana. Ukipigiwa simu na mteja akimtaka bosi wako, Kijapani kinakutaka umshushe bosi: unamtaja jina tupu, kwa vitenzi vya kujishusha, kwa sababu mbele ya mtu wa nje yeye ni wa kwenu. Kikorea mara nyingi bosi anabaki juu hata ukimtaja kwa mtu wa nje, na baba yako vilevile. Mtu aliyezoea kimoja akiingia kingine anaonekana ama anajivunia watu wake ama anawadharau.

#17 Tsukuba_Kasarani
Nimekubali, hapo nilifupisha mno. Ila ofisi za Kikorea za siku hizi nazo zinabadilika, nimefanya nao kazi.

#18 daejeon_hadi_donholm
Zinabadilika, ndiyo.

Turudi kwa @KejaKilimani, tuchukue sentensi yake kipande kwa kipande.

"Hey" iondoke. Binamu ameweka *Ya*, ambayo ni ya kumwita mwenzako wa shule au kumkemea mtoto. Kikorea hakina "Hey" ya mtu usiyemjua. Mahali pake weka salamu kamili, *Annyeonghaseyo*.

"Umefika salama" ni *Jal dochakhasyeosseoyo?* "Salama" imo tayari kwenye *jal*. Usitafute neno la usalama, ukiweka *musahi* unamfanya adhani Waiyaki Way kuna vita.

"Ukihitaji kitu" ni *pilyohan ge isseusimyeon*. Hapa ndipo wanafunzi wazuri wanaanguka. Wanajua kwamba "kuwepo" kwa heshima ni *gyesida*, wanaandika *pilyohan ge gyesimyeon*. Lakini *gyesida* ni ya mtu kuwa mahali: bibi yupo nyumbani. Hapa kinachokuwepo ni hitaji, na hitaji haliamkiwi. Anayeheshimiwa ni mwenye hitaji, kwa hivyo ni *isseusi-*. Hata Wakorea wenyewe hukosea. Ukienda mkahawa wa kahawa utaambiwa *keopi naosyeotseumnida*, yaani kahawa imewekewa *-si-*, imeheshimiwa yenyewe kana kwamba ndiyo mteja. Taasisi yao ya taifa ya lugha inasema ni kosa, wahudumu wanaendelea kwa sababu wanaogopa mteja kuliko sarufi.

"Nijulishe" ni *malsseumhae juseyo*. Binamu aliandika *malhae*, "sema", amri ya rafiki kwa rafiki. *Malsseum* ni "maneno" yakiwa ya mtu unayemheshimu, na *juseyo* inaomba badala ya kuamuru. Kama unataka akuandikie, si akuite, *yeollak juseyo* inatosha na ni ya kawaida zaidi kwa ujumbe wa simu.

Jumla: *Annyeonghaseyo~ Jal dochakhasyeosseoyo? Pilyohan ge isseusimyeon eonjedeunji yeollak juseyo^^*

Mmeona kile kimkia ~ na yale macho ^^? Hayo ndiyo "Hey" yako. Kwa ujumbe wa simu, Mkorea haonyeshi uchangamfu kwa kukata *-yo*. Heshima inabaki palepale kwenye kitenzi, uchangamfu unakaa kwenye alama. Iondoe ^^ na uweke nukta, utapata benki uliyoiogopa.

#19 KejaKilimani
Eeeh! Kumbe nilikuwa natafuta ukaribu kwenye kitenzi na wenyewe wameuweka kwenye mkia. Asante.

#20 Mzee_wa_Rongai
Mimi mke wangu akituma ujumbe wenye nukta najua chakula cha jioni najipikia. Wakorea hawajagundua kitu.

#21 hoteli_ghorofa_ya_pili
Niruhusuni nipinge. Nimekaa mapokezi ya hoteli kubwa hapa mjini, na mwongozo wetu wa Kikorea ulitaka ujumbe wa kwanza uwe wa *-mnida* na *-mnikka*, bila vimkia. Sababu tuliyopewa: mgeni hajakuona sura, hajui wewe ni nani, na amelipa. Anza juu, mgeni akijibu kwa *-yo* ndipo ushuke. Kushuka ni rahisi. Ukianza chini hakuna namna ya kupanda bila kuonekana umegombezwa.

#22 daejeon_hadi_donholm
Kwa hoteli kubwa nakubali kabisa. Kwa nyumba ya shangazi sikubali. *Dochakhasyeotseumnikka* ikitoka kwa mtu binafsi inasomeka kama amenakili mahali. Mgeni wa nyumba kama hiyo aliichagua kwa sababu hataki mapokezi.

#23 hoteli_ghorofa_ya_pili
Na akiwa mzee wa miaka sabini aliyechaguliwa nyumba na mtoto wake? Yeye hakuchagua chochote.

#24 daejeon_hadi_donholm
Huyo *dochakhasyeosseoyo* haimkeri, *-si-* imo. Macho ^^ ndiyo ningeyaondoa.

#25 hoteli_ghorofa_ya_pili
Basi tayari una ujumbe wa aina mbili, na mwenye uzi amesema umri haujui.

#26 BahariaMstaafu
Nimesoma mpaka hapa nikakumbuka meli. Tulikuwa na Wajava kadhaa. Kijava kinapita hiki chenu, maana si mwisho wa kitenzi unaobadilika, ni neno zima. "Kula" kwa mwenzako ni *mangan*. Kwa mtu wa heshima unabadilisha lugha nzima kuwa *krama*, na "kula" inakuwa *nedha*. Halafu akila yeye mkubwa mwenyewe, ni *dhahar*. Kijana mmoja alinieleza kwamba kosa baya kuliko yote ni kujisemea mwenyewe "nime-*dhahar*". Umejivisha taji.

Lakini hiki ndicho nilichotaka kusema: wale Wajava wakikutana na Mjava wasiyemjua cheo, hawahangaiki. Wanahamia Kiindonesia. Lugha ya shule, ya serikali, haina hizo ngazi. Wakishajuana, wanarudi Kijava.

#27 Mzee_wa_Rongai
Hapo sasa. Mtumie mgeni Kiingereza, dada. Wakorea wanakisoma shuleni miaka na miaka. Si hata sisi hapa, ukimwandikia mkubwa kazini na hujui umwite nani, unakimbilia Kiingereza?

#28 BintiTanga_SouthB
Kweli hilo nimeliona Nairobi. Dada wa mapokezi ananisemesha Kiswahili vizuri, akija mkurugenzi wanahamia Kiingereza wote wawili. Nikadhani wanaficha siri.

#29 Mtaa_wa_Saba
Au wanaficha Kiswahili.

#30 MwalimuFasihi
Narudi kwenye hoja, maana nilisahihishwa hadharani. Mnasema Kiingereza hakina ngazi. Kilikuwa nazo. Zamani kulikuwa na *thou* kwa mtu mmoja wa karibu au wa chini, na *you* kwa wengi au kwa mkubwa. Ile ya chini ikafa, ya heshima ikabaki kwa wote. Kwa hivyo kihistoria @KejaKilimani anapoandika *you* kwa mgeni, tayari amemheshimu. Tafsiri ya heshima haiongezi kitu, inarudisha kilichokuwepo.

#31 hoteli_ghorofa_ya_pili
Mwalimu hapo umenifurahisha, ingawa sidhani kama kuna Mwingereza anayeandika *you* leo akihisi ameinama.

#32 Tsukuba_Kasarani
Na mimi naona sababu ni nyingine. Ulegevu wa hiyo sentensi ya Kiingereza si urafiki, ni desturi ya biashara. Kampuni za simu, benki, wote siku hizi wanaandika hivyo kwa mtu wasiyemjua. Kwa hiyo kinacholingana nayo si lugha ya marafiki wa Kikorea, ni lugha ya kawaida ya biashara ya Kikorea, ambayo ni *-yo* yenye *-si-*. Unatafsiri mahali sentensi inaposimama.

#33 MalkiaWaTamthilia
Dakika tano zimeisha. @Tsukuba_Kasarani, kama ni hivyo mbona wageni vijana hawapendi hizo? Juzi nilikuwa na msichana Mkorea kwenye safari ya Hell's Gate, tumeendesha baiskeli siku nzima, mimi namwekea *-yo* kama mlivyofundisha, yeye ananiambia nimfungulie. Alisema niongee naye kwa starehe.

#34 daejeon_hadi_donholm
@MalkiaWaTamthilia hicho ni kisa kizuri na kinaonyesha utaratibu wenyewe. Kuna msemo wao, *mal noeuseyo*, ni kama kukwambia uyaweke chini maneno yako. Kushuka kunaombwa na kuruhusiwa, na kwa kawaida mkubwa ndiye anayeanza. Nyinyi mlikuwa mmeshajuana siku nzima. Mgeni wa ujumbe wa kwanza hajakuruhusu. Na ujihadhari: mzee akikujibu kwa *banmal*, hajakualika ushuke naye. Yeye anashuka kwa umri wake, wewe unabaki na *-yo* yako.

#35 MalkiaWaTamthilia
Yaani yeye "umefika?" na mimi "nimefika mheshimiwa". Kama kwa mama mkwe.

#36 KejaKilimani
Nimeamua nitatuma ile ya #18 bila macho, nikiona jibu lina ^^ na mimi naweka. @hoteli_ghorofa_ya_pili, mzee wa sabini akilalamika nitakutumia namba yake umwamkie. Swali moja dogo limebaki. Nataka kubandika kikaratasi mlangoni: vua viatu, na usivute sigara ndani. Nacho ni *-yo*?

#37 daejeon_hadi_donholm
Viatu ni *sinbareul beoseo juseyo*, ombi la kawaida. Sigara ni *geumyeon*, basi. Matangazo ya ukutani mara nyingi yanamalizika kwa jina bila kitenzi, na bila kitenzi hakuna ngazi ya kuchagua.

#38 hoteli_ghorofa_ya_pili
Kwa mgeni aliyelipa, *geumyeon* tupu? Sisi tuliandika sentensi nzima ya kuomba ushirikiano wake.

#39 Mzee_wa_Rongai
Na walivuta?

#40 hoteli_ghorofa_ya_pili
Walivuta.